Intaneti Imekatika: Kuandika Upya Taarifa ya Kampuni Ndogo kwa Wateja Wake

“Ndugu mteja, tunapenda kukutaarifu kuwa kumejitokeza changamoto ya huduma katika baadhi ya maeneo kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Mafundi wetu wanalifanyia kazi suala hilo ili huduma irejee mapema iwezekanavyo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.”

Taarifa ya namna hii imewahi kumfikia karibu kila mtu aliyelipia maji, umeme, king'amuzi au intaneti. Hakuna uongo ndani yake na lugha yake ni ya adabu, lakini anayeipokea huikasirikia kuliko alivyoukasirikia ukimya uliotangulia, kwa sababu amesoma sentensi tatu na bado hajui lolote ambalo hakulijua alipoona intaneti imekatika. Kazi yangu ni kuwaandikia na kuwahariria maandishi wafanyabiashara wadogo, na taarifa hii niliipokea kutoka kwa kampuni moja ya intaneti ya Dar es Salaam yenye wateja mia kadhaa katika maeneo ya Salasala, Wazo na Tegeta. Kebo yao ilikuwa imekatika asubuhi, taarifa ilikuwa tayari kutumwa, na mwenye kampuni aliniomba niitazame kwanza. Nitaeleza tulivyoiandika upya siku ile, kuanzia taarifa ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu mambo mengi yanayoifanya taarifa iwe na faida hayaonekani mpaka uyafuate saa kwa saa.

Nilianza kwa kujiuliza ni uamuzi gani mteja anapaswa kuufanya wakati ule. Mwenye duka la kuchapisha nyaraka anataka kujua kama awaambie watu wasubiri au waende kwingine. Mwanafunzi mwenye mtihani wa mtandaoni saa 8:00 mchana anataka kujua kama anunue bando la simu sasa hivi au aendelee kuvumilia. Mama anayefanya kazi akiwa nyumbani anataka kujua kama apande daladala aende ofisini Posta, safari ambayo itamla saa nzima au zaidi. Wote wanaamua jambo moja, kusubiri au kutafuta njia nyingine, na taarifa ya awali haikumsaidia hata mmoja wao. “Baadhi ya maeneo” haikumwambia kama eneo lake lilikuwamo. “Mapema iwezekanavyo” ingeweza kuwa nusu saa au siku mbili. “Usumbufu wowote utakaojitokeza” iliongelea usumbufu wa baadaye na wa kubahatisha, ilhali msomaji alikuwa ameketi mbele ya kompyuta isiyofungua kitu.

Nikampigia simu fundi mkuu, aliyekuwa njiani kuelekea kwenye tukio. Alichokijua kilikuwa kidogo lakini kilitosha: mawasiliano yalikatika saa 3:20 asubuhi, maeneo yote matatu hayakuwa na huduma, na mtu wa dukani karibu na barabara alikuwa amempigia kumwambia kwamba mtambo wa kuchimba mtaro umeivuta kebo kutoka ardhini. Nilipomuuliza huduma itarudi saa ngapi alinijibu kwa haraka, “Dada, andika masaa mawili.” Nikamuuliza kama ameiona kebo. Hakuwa ameiona.

Hapo ndipo kampuni ndogo nyingi huteleza. Makadirio yanayotolewa kabla ya fundi kufika kwenye hitilafu ni matumaini yaliyovishwa saa, na saa hizo zikipita mteja hataamini tena makadirio yoyote, hata yale yatakayokuwa ya kweli. Hata hivyo, kutokuwa na saa ya huduma kurudi hakumaanishi kwamba taarifa haina budi kutoka bila saa yoyote, kwa kuwa ipo saa moja ambayo kampuni inaimiliki yenyewe, isiyotegemea kebo, mvua wala mkandarasi, nayo ni saa ya kutoa taarifa inayofuata. Hiyo unaweza kuiahidi ukiwa na uhakika kamili, na ndiyo tuliyoiweka:

“Ndugu mteja, intaneti imekatika Salasala, Wazo na Tegeta tangu saa 3:20 asubuhi, Jumanne 18/11. Kebo yetu imeng'olewa na mtambo wa kuchimba mtaro. Mafundi wapo njiani. Tutakuandikia tena saa 5:00 asubuhi, hata kama haijarudi. Tafadhali usibonyeze kitufe cha RESET.”

Maneno “hata kama haijarudi” ndiyo ninayoyathamini kuliko mengine yote katika ujumbe huo. Yanamwambia mteja kwamba hatalazimika kuihesabia kampuni ukimya wake, na wakati huohuo yanaibana kampuni, kwa sababu ikifika saa 5:00 bila habari mpya itabidi iandike hivyohivyo kwamba haina habari mpya. Mwenye kampuni alisita kidogo. Alihofia kwamba watu wataanza kuhesabu dakika. Nilimjibu kwamba walikuwa wanazihesabu tayari, tena tangu saa 3:20.

Jina la siku na tarehe havikuwekwa kwa mapambo. Ujumbe mfupi wa simu huweza kuchelewa, na aliyezima simu huupata anapoiwasha, pengine jioni au kesho yake. “Leo” ya ujumbe uliosomwa Jumatano si leo tena. Kwa sababu hiyohiyo kila saa iliandikwa pamoja na kipindi chake cha siku. Tunahesabu saa kuanzia alfajiri, lakini simu na kompyuta zetu huonyesha saa za kizungu, na wengi wetu huchanganya mifumo yote miwili kwa siku moja. Mteja akiandikiwa “5:00” peke yake, mmoja ataelewa saa tano asubuhi na mwingine atangojea hadi saa kumi na moja jioni, kisha wote wawili watasema kampuni haikutimiza ahadi.

Ombi la kutobonyeza RESET lilitoka kwa dada anayepokea simu za wateja, na taarifa za kampuni kubwa huliacha mara nyingi. Kebo ya nyuzi za kioo inapokatika, taa iliyoandikwa LOS kwenye kifaa cha nyumbani huwaka nyekundu au humwekamweka, maana yake mwanga kutoka kwa kampuni haufiki. Mteja anayeiona taa hiyo bila maelezo hudhani kifaa kimeharibika. Huzima, huwasha, huchomoa nyaya, na mwishowe huchukua kijiti na kukibonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma. Kuzima na kuwasha hakudhuru kitu, lakini kitufe kile kikibonyezwa kwa sekunde kadhaa hufuta jina la mtumiaji, nywila na mipangilio yote ambayo fundi aliiweka siku ya kufunga huduma. Kebo ikipona jioni, jirani zake wote watarudi hewani na yeye atabaki nje, akiamini kwamba kampuni imemsahau yeye binafsi, kumbe anamhitaji fundi afike nyumbani kwake. Maneno machache ndani ya taarifa ya asubuhi hupunguza safari hizo za kesho yake.

Kuhusu sababu ya hitilafu, nilishauri itajwe kwa kiwango cha kitu kinachoonekana na kuishia hapo. “Sababu zilizo nje ya uwezo wetu” humfanya msomaji ashuku kwamba kampuni inaficha kitu, pengine haijalipa deni kwa mtoa huduma wake. “Kebo yetu imeng'olewa na mtambo wa kuchimba mtaro” inaeleweka na yeyote aliyepita barabara zinazojengwa, na anaweza kuipima kwa akili yake, kwamba hili si la dakika kumi. Lakini hatukutaja mtambo ni wa nani. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa amethibitisha, lawama zina mahali pake pa kupelekwa, na mteja hakumlipa mkandarasi bali ameilipa kampuni. Ndiyo maana pia neno “yetu” lilibaki baada ya “kebo”.

Ujumbe ule una herufi 264 pamoja na nafasi. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160 ukiwa peke yake, na ukizidi hapo hukatwa katika vipande vya herufi 153 kila kimoja, kwa hiyo kampuni ingetozwa vipande viwili kwa kila mteja. Dada wa huduma alipouweka kwenye mfumo wa kutuma, mfumo ulionyesha vinne. Tatizo lilikuwa alama moja tu, ile ya ng' katika “imeng'olewa”. Aliuandika kwenye programu ya kuandikia nyaraka, nayo ikaigeuza alama iliyonyooka kuwa ya kupinda, na alama ya kupinda haimo katika seti ya msingi ya herufi za ujumbe mfupi. Herufi moja ya nje ya seti hiyo huulazimisha ujumbe mzima kutumia mfumo mwingine, ambao kipande chake hubeba herufi 67 tu. Emoji hufanya vivyo hivyo. Alifuta alama, akaiandika upya moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma, na hesabu ikarudi viwili. Kwa kampuni itakayotuma taarifa nne kwa siku moja, tofauti hiyo ni pesa, na pesa ndiyo sababu inayotolewa kila mara wateja wanapoachwa bila taarifa ya pili.

Mwenye kampuni aliuliza kwa nini tusitumie WhatsApp, ambayo ingekuwa bure. Tuliitumia pia, kwa wale waliokuwa kwenye makundi ya mitaa yao, lakini haikuweza kuwa njia kuu siku ambayo tatizo lenyewe ni intaneti, kwani asiyekuwa na bando asingeipata mpaka huduma irudi. Isitoshe, ujumbe wa kutangaza kwa wengi kwenye WhatsApp humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya kampuni katika simu yake, na wateja wengi hawajaihifadhi.

Fundi mkuu alipiga simu kabla ya saa 5:00. Ule mtambo ulikuwa umeivuta kebo kwa nguvu kiasi kwamba imekatika sehemu mbili, kwa hiyo kipande kizima kingebadilishwa na kuunganishwa ncha zote mbili. Safari hii sikumuuliza itachukua muda gani, bali tuliipiga hesabu pamoja. Kebo ina nyuzi 24. Kila unyuzi lazima uchunwe, usafishwe kwa spiriti, ukatwe sawasawa, uyeyushwe na mwenzake ndani ya mashine ya kuunganishia, kisha kiungo kivikwe mrija wa kukilinda, na kwa mkono wake hiyo ni kazi ya dakika sita hivi. Nyuzi 24 kwa sehemu mbili ni viungo 48, na viungo 48 kwa dakika sita ni karibu saa tano, bila kuhesabu saa moja ya kulaza kebo mpya na kuandaa ncha zake. Wangeanza saa 6:00 mchana. “Masaa mawili” ya asubuhi yangekuwa yamezikwa zamani.

Hapo nikamuuliza swali ambalo sasa humuuliza kila fundi: kati ya nyuzi hizo, ngapi zina wateja? Zilikuwa tisa. Zilizobaki ni za akiba. Akianza na zile tisa, viungo ni 18, na wateja wote wangerudi hewani mnamo saa 9:00 alasiri, wakati yeye angeendelea na za akiba hadi jioni. Alikuwa akifikiria saa ya kumaliza kazi, nami nilihitaji saa ya mteja kupata huduma, na mambo hayo mawili hayakuwa sawa. Taarifa ya pili ilitoka kama tulivyoahidi:

“Saa 5:00 asubuhi: Kebo imekatika sehemu mbili. Tunaweka mpya na kuiunganisha. Tunatarajia intaneti irudi kati ya saa 9:00 alasiri na saa 11:00 jioni leo Jumanne. Ukiwa na kazi ya mchana, tafadhali panga njia nyingine. Taarifa ijayo: saa 9:00 alasiri.”

Tulitoa saa mbili, ya mapema na ya mwisho, kwa sababu anayepewa saa moja huishika kama ahadi hata ukiiandikia “makadirio” kwa herufi kubwa. Kinachomsaidia zaidi kupanga ni ile ya mwisho, hivyo iwekwe mbali ya kutosha kumpa fundi nafasi. Sentensi ya kupanga njia nyingine ilimpa mwenye kampuni shida kuliko zote, kwa maana ilionekana kama kumfukuza mteja aende mtandao mwingine. Lakini yule mwanafunzi wa saa 8:00 mchana hakuwa na njia ya kufanya mtihani kwa huduma yetu, na kumwambia hivyo saa tatu kabla kulimpa muda wa kununua bando au kwenda kwa rafiki. Kumficha ili asiondoke kungemfanya aondoke moja kwa moja.

Ilikuwa Novemba, na vuli haikungoja. Mvua ilianza baada ya saa 8:00 mchana, mtaro ukajaa maji, na mafundi wakaifunika mashine kwa turubai. Kioo kinachoyeyushwa hakitaki tone la maji wala vumbi, na kiungo kilichofanywa kwenye unyevu huweza kupitisha mwanga leo na kushindwa wiki ijayo. Ilipofika saa 9:00 alasiri tulijua kwamba saa 11:00 jioni haitawezekana. Pendekezo la kwanza ofisini lilikuwa kusubiri, pengine mvua ingekatika. Nililipinga kwa nguvu zote. Makadirio yakivunjika, thamani ya taarifa inategemea kama imefika kabla au baada ya saa iliyotajwa. Ikifika kabla, mteja anapanga upya. Ikifika baada, ameshajua mwenyewe, na unachomtumia ni udhuru.

“Saa 9:00 alasiri: Makadirio yetu ya saa 11:00 jioni hayatatimia, na tunakuomba radhi. Mvua imejaza mtaro na kazi imesimama. Makadirio mapya: kati ya saa 12:30 jioni na saa 3:00 usiku. Taarifa ijayo: saa 12:30 jioni. Utaongezewa siku 1 kwenye kifurushi bila kuomba.”

Habari mbaya imetangulia, na saa iliyoahidiwa imetajwa kwa namba yake badala ya kuzungukwa kwa “kumekuwa na ucheleweshaji kidogo”. Radhi imeombwa mara moja, kwa jambo linalojulikana, yaani makadirio yaliyovunjika. Ile siku ya nyongeza ilizungumzwa kwa muda. Kwa kifurushi cha shilingi 60,000 kwa mwezi, siku moja ni shilingi 2,000, na mwenye kampuni alikuwa tayari kuitoa kwa watakaolalamika. Nilimwomba aitoe kwa wote na aiandike, kwa sababu fidia inayotolewa kwa anayepaza sauti huwafundisha watu kupaza sauti, na mteja mpole ambaye hajawahi kukupigia simu ndiye usiyetaka kumpoteza.

Zipo hitilafu ambazo njia hii huifikisha kampuni ndogo kwenye mpaka wake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani zetu. Kampuni ya mtaani haina meli ya kutuma wala fundi wa kumhoji, na ukarabati wa baharini huhesabiwa kwa siku, si kwa saa. Hata hapo, mteja anaweza kuambiwa kinachofanya kazi na kisichofanya, kwamba barua pepe hupita polepole lakini mikutano ya video haifai kutegemewa, kwamba mtoa huduma wa juu, yule anayeiuzia kampuni intaneti, bado hajatoa tarehe, na kwamba kampuni itaandika kila asubuhi saa 2:00. Ambacho haipaswi kufanya ni kuyanakili makadirio ya mtoa huduma wa juu kana kwamba ni yake. Iseme yametoka kwa nani na lini, ili yakibadilika msomaji ajue kilichobadilika.

Siku ile ya Jumanne mvua ilikatika jioni, taarifa ya saa 12:30 ikatoka ikisema makadirio hayajabadilika, na mwanga ukarudi kwenye nyuzi tisa saa 1:40 usiku. Wafanyakazi walikuwa wamechoka na walitaka kwenda nyumbani, kwa kuwa wateja wangejionea wenyewe. Taarifa ya kufunga ilitumwa hata hivyo, kwa sababu wapo ambao wasingejionea:

“Intaneti imerudi tangu saa 1:40 usiku, Jumanne 18/11. Ukiwa bado huna, zima kifaa, subiri dakika 1, kisha washa. Taa ya LOS ikibaki nyekundu, au kama ulibonyeza RESET, usijibu ujumbe huu: piga namba ya mafundi iliyo chini. Tupo hadi saa 4:00 usiku.”

“Usijibu ujumbe huu” ilikuwa ya lazima. Ujumbe unaotumwa kwa jina la kampuni badala ya namba haupokei majibu, na mteja akiandika “kwangu bado” majibu yake hayamfikii mtu, naye hubaki akisubiri. Tuliweka namba inayopokelewa na mtu, na saa za kumpata mtu huyo. Simu zilizopigwa usiku ule zilikuwa za aina mbili. Nyumba chache zilikuwa zimefuta mipangilio kabla ya kusoma ujumbe wa asubuhi. Nyingine zilikuwa za upande mmoja wa Wazo, zote kwenye unyuzi mmoja, ambapo kiungo kimoja kilikuwa kinapitisha mwanga hafifu, na kwa kuwa mafundi walikuwa bado hawajafunika shimo, walikikata na kukiunganisha upya usiku uleule.